Bosi anaagiza nusu, kisha analaumu kazi nzima: Mwongozo kamili wa kumfanya aseme anachotaka mapema

Wenye bosi wa namna hii hupewa ushauri mmoja: muulize maswali. Wanauliza. Bosi anajibu, "Wewe fanya tu, nitaiona." Kazi inafika mezani kwake na hapo ndipo maneno yanapopatikana: hiki kimezidi, kile hakipo, hukunielewa kabisa. Kazi inayofuata wanauliza tena, wanajibiwa vilevile, na mwisho wanaacha kuuliza.

Kinachowakwamisha si woga. Wanamtaka bosi aeleze kitu ambacho mara nyingi bado hajakiona kichwani mwake. Bosi wa aina hii ni hodari wa kukataa kuliko kuagiza. Ukimpa kitu cha kukataa mapema, kabla hujatumia siku tatu, atakueleza anachotaka ndani ya dakika tano. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hilo.

Nimejifunga kwenye kazi za maandishi, yaani ripoti, mapendekezo na slaidi za vikao, kwa sababu hizo ndizo zinazorudishwa kwa maneno kama "hii siyo". Tutakwenda na mfano mmoja tangu mwanzo. Tuseme wewe ni afisa wa huduma kwa wateja. Jumatatu asubuhi meneja wako anakuambia, akiwa tayari ameshika simu: "Niandalie ripoti ya malalamiko ya wateja. Iwe fupi lakini imeshiba. Naihitaji wiki hii." Mara ya mwisho ulimpelekea kurasa 14, akauliza, "Nani atasoma gazeti lote hili?"

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kazi mbili za zamani zilizopita mikononi mwa bosi huyuhuyu: moja aliyoipokea bila maneno mengi na moja aliyoirudisha. Si lazima ziwe zako, za mwenzako zinafaa pia.
- Ratiba ya vikao vyake vya wiki mbili zijazo. Kama huwezi kuiona kalenda yake, katibu muhtasi wake anaijua.
- Daftari au faili moja ya kuandikia maagizo na marekebisho yake, kwa tarehe.
- Njia moja ya maandishi ambayo yeye mwenyewe huitumia kujibu. Kama hasomi baruapepe lakini hujibu WhatsApp, basi tumia WhatsApp.

Ratiba ya vikao ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo yenye majibu mengi. Agizo la ghafla kwa kawaida lina kikao nyuma yake. Ukijua kuna kikao cha wakurugenzi Alhamisi, "wiki hii" imeshajieleza yenyewe: ni Jumatano.

## Hatua ya 1: Panga lawama zake za nyuma kwa mafungu

Fanya hivi siku ambayo huna agizo jipya. Andika lawama nne au tano za mwisho alizokupa, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha jiulize kila moja inahusu nini hasa.

"Nani atasoma gazeti lote hili" inahusu urefu. "Sasa nikiulizwa kwa nini, nitajibu nini?" inahusu matumizi: alitaka hoja ya kusimamia mbele ya watu, wewe ukampa takwimu zisizo na maelezo. "Ungeniambia kabla ya kuwapigia watu wa fedha" haihusu kazi kabisa, inahusu mamlaka, yaani ulivuka mpaka ambao hakuutaja. "Hii ningeiona jana ingenisaidia" ni ya muda.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kauli "bosi hajui anachotaka" haikupi pa kuanzia. Ukizipanga lawama, mara nyingi utaona zinarudi kwenye fungu moja au mawili. Hayo ndiyo maswali ambayo hutayaacha tena, hata kama una sekunde 30 tu naye.

Tahadhari: andika alichosema, usiandike ulivyojisikia. "Alinidhalilisha" inaweza kuwa kweli, lakini haikusaidii kuandika ripoti ijayo.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja ya aina hii: "Bosi wangu hurudisha kazi kwa sababu ya urefu, na kwa sababu hoja anayohitaji kikaoni haionekani haraka." Lawama zikitawanyika kila upande, au zikipingana juu ya jambo lilelile, soma kwanza sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

## Hatua ya 2: Usiondoke mezani kwake na sifa tupu

Nzuri, fupi, ya kitaalamu, iliyoshiba, ya kueleweka: maneno haya yana maana kamili kichwani mwa anayeyasema, na hana habari kwamba maana hiyo haijakufikia. Mwaka 1990 mtafiti Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa nyimbo maarufu, huku wenzao wakisikiliza na kubahatisha ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani akigonga. Msikilizaji anasikia kokoko tu. Bosi akisema "imeshiba", yeye anauona ukurasa wenyewe.

Kwa hiyo kazi yako ni kuigeuza kila sifa iwe kitu kinachohesabika au kinachoonekana. Na namna ya kuuliza ndiyo inayoamua kama utajibiwa.

Swali la wazi kama "unataka iweje?" linamrudishia mzigo aliokutwika. Anaona unamtaka afanye kazi yako. Mpe machaguo mawili badala yake, yote yakiwa yanafanyika:

"Itasomwa na wewe peke yako, au inakwenda kwa wakurugenzi?"

"Nikuandalie ukurasa mmoja wenye jedwali, au kurasa nne zenye maelezo?"

"Naileta Jumatano saa nne asubuhi ili upate muda wa kuipitia, au jioni inatosha?"

Maswali matatu yanatosha. La kwanza liwe daima la matumizi: nani ataisoma na ataitumia kuamua nini. Kama anaondoka na una nafasi ya swali moja tu, uliza hilo, kwa sababu majibu mengine mengi utayakisia vizuri ukishalijua.

Kwenye mfano wetu, meneja anajibu akiwa amesimama: "Ni ya wakurugenzi, Alhamisi. Si unajua nataka kuomba watu wawili zaidi."

Hapo kazi yote imegeuka. Ulikuwa unakwenda kuandika ripoti ya malalamiko: aina ngapi, mangapi yamefungwa, mangapi yamebaki. Kumbe anachohitaji ni hoja ya kuongezewa wafanyakazi, na malalamiko ni ushahidi wake. Takwimu ni zilezile, lakini ukurasa wa kwanza si uleule. Ripoti ya kwanza ungeiandika kwa uaminifu mkubwa, na angeirudisha, na asingeweza kukueleza vizuri kwa nini. Angesema tu "haijashiba".

Epuka kauli mbili. "Sijaelewa" inamfanya arudie maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. "Kwa nini unaihitaji?" inasikika kama unamhoji mkubwa wako, hata kama hukukusudia hivyo. "Itatumika wapi?" inaleta jibu lilelile bila kumgusa.

Umefanikiwa ukitoka na mambo matatu: msomaji, umbo, na siku yenye saa. Ukipata mawili, endelea. Hatua inayofuata italichimbua la tatu.

## Hatua ya 3: Mrudishie agizo kwa maandishi ndani ya saa moja

Rubani anaposomewa maelekezo na mwongoza ndege, huyarudia kwa sauti kabla ya kuyatekeleza, na mwongoza ndege husikiliza kama yamerudi yalivyotoka. Hawafanyi hivyo kwa kutoaminiana. Kosa la kusikia hugundulika likiwa bado halijagharimu kitu.

Ujumbe wako ufanye kazi hiyohiyo, na uwe mfupi kiasi cha kusomeka bila kufungua ukurasa mwingine:

> Habari za asubuhi, bosi. Kuhusu ripoti ya malalamiko: naandaa ukurasa mmoja na jedwali moja kwa ajili ya kikao cha wakurugenzi cha Alhamisi, ukionyesha kwa nini tunahitaji watu wawili zaidi. Nimechukulia kwamba tunatumia takwimu za miezi mitatu iliyopita na kwamba sitaomba kitu kutoka idara nyingine. Mchana huu nitakuonyesha mpangilio wake kabla sijaendelea. Nakala kamili itakufikia Jumatano saa nne asubuhi.

Maneno yenye uzito hapo ni "nimechukulia kwamba". Hayo ndiyo mashimo ya agizo lake. Hakusema miezi mingapi, wala hakusema kama unaruhusiwa kuongea na idara nyingine. Ungemuuliza yote hayo kwa mdomo ungemchosha. Ukiyaandika kama dhana zako, anayapitia kwa jicho moja na kusimama pale tu anapoona kosa. Kukanusha ni rahisi kuliko kutunga.

Usiandike "usipojibu nitajua umekubali". Kwanza inasikika kama mtego. Pili si kweli: bosi mwenye shughuli anaweza kukaa kimya bila kusoma. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ridhaa, na ndiyo maana kuna hatua ya nne.

Usimwekee mtu mwingine nakala ya ujumbe huu, hata kama unahisi unahitaji shahidi. Ukimwonyesha bosi kwamba unajikinga, ataacha kukuandikia na atakuagiza kwa mdomo tu.

Dalili ya kufanikiwa ni jibu fupi la kurekebisha, kwa mfano "Miezi sita, si mitatu". Watu huvunjika moyo wakilipata. Lihesabu kama faida: neno hilo ungelisikia Jumatano mbele ya ripoti iliyokamilika.

## Hatua ya 4: Mwonyeshe kiunzi kibaya mapema

Hii ndiyo hatua inayobadilisha mambo zaidi ya nyingine zote. Kama una nguvu ya kufanya moja tu, fanya hii.

Kiunzi ni ukurasa wenye vichwa vya sehemu, sentensi moja chini ya kila kichwa inayosema sehemu hiyo itadai nini, na jedwali lenye majina ya safu na mistari lakini seli tupu. Usikusanye takwimu bado. Kisikuchukue zaidi ya saa moja. Kwa kazi ya siku tatu, kionyeshe siku ileile ya kwanza.

Andaa viwili vinavyotofautiana kwa dhati. Kwa mfano wetu, kiunzi A kinapanga malalamiko kwa aina: malipo, ucheleweshaji, lugha ya wahudumu. Kiunzi B kinaonyesha mwezi kwa mwezi idadi ya malalamiko, idadi ya wahudumu, na muda mteja anaosubiri kabla ya kujibiwa. Kila kimoja ni ukurasa mmoja. Nenda navyo vimechapwa, simama, uliza: "Kipi kiko karibu na unachotaka?"

Sababu ya viwili ni hii. Ukimletea kimoja, anaamua kama umefaulu au umeshindwa. Ukimletea viwili, analinganisha, na mtu akilinganisha hulazimika kutaja kigezo chake. Kigezo hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu Jumatatu asubuhi.

Meneja wetu anakifuta kiunzi A kwa kalamu. Kwenye B anasema, "Hii. Lakini idadi ya malalamiko isitangulie, wataona tunafanya vibaya. Anza na muda wa kusubiri. Na majina ya wahudumu yasionekane." Ndani ya dakika mbili amekupa mambo matatu ambayo hakuna swali lingeyatoa: mpangilio, hofu yake, na mpaka. Hofu ndiyo ya kuandika kwa herufi kubwa kwenye daftari. Anaogopa kwamba takwimu za kuombea watu zitageuka kuwa takwimu za kumshtaki yeye. Ukilijua hilo, utaandika sentensi nyingi kwa namna nyingine bila kuambiwa, na bila kuficha takwimu yoyote.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kiunzi kisipendeze. Kikiwa na rangi, nembo na fonti nzuri, atadhani ndiyo kazi yenyewe na ataanza kusahihisha alama za mkato. Karatasi yenye mistari ya kalamu inamruhusu kuikata. La pili, usijaze takwimu za kubuni "ili aone itakavyokuwa". Weka kistari kwenye kila seli. Takwimu ya kubuni ina tabia ya kukaririwa kikaoni.

Umefanikiwa akichora, akikata au akisema "hapana" kwa jambo mahususi. Akisema "iko sawa" bila kuitazama, hujafanikiwa bado. Mwelekeze kwenye sehemu moja: "Hapa mwanzo nimetanguliza idadi ya malalamiko. Wakurugenzi wataanza kuuliza hilo kweli?"

Na kama hapatikani kabisa? Piga picha viunzi vyote viwili, mtumie, omba jibu la herufi moja tu, A au B. Wengi hulijibu hilo hata wakiwa ndani ya kikao kingine.

## Hatua ya 5: Agizo likibadilika katikati, taja kinachopungua

Jumanne mchana anapita na kusema, "Ongeza na kulinganisha matawi." Ukijibu "sawa bosi" na kunyamaza, Jumatano saa nne utakuwa na kazi mbili nusunusu, na lawama itakuwa ya kuchelewa.

Jibu kwa kutaja gharama palepale, bila kulalamika: "Sawa. Takwimu za matawi mawili sina, zitafika kesho jioni. Niweke matawi niliyonayo tu ili ripoti ifike saa nne, au tusogeze hadi jioni?" Kisha tuma mstari mmoja wa maandishi wenye alichochagua, na uuandike kwenye daftari na tarehe.

Bosi anayebadilisha mawazo mara nyingi huamini kwamba alisema hivyo tangu mwanzo. Si lazima awe anadanganya. Wazo lake la sasa limefunika la zamani. Mstari ule wa maandishi unakusaidia kwa upole, kwa sababu unamkumbusha yeye kabla haujawahi kukutetea wewe.

## Hatua ya 6: Kabidhi kazi ikiwa na makubaliano juu yake

Ujumbe unaobeba ripoti uwe na sentensi tatu: imeandaliwa kwa ajili ya nini, marekebisho aliyoyaomba yako wapi, na nini hakimo na kwa nini. "Ukurasa wa wakurugenzi wa Alhamisi. Muda wa kusubiri umetangulia kama ulivyoelekeza, majina hayapo. Matawi mawili hayamo, takwimu zao zinafika leo jioni."

Sentensi ya tatu ndiyo watu huiogopa. Pengo ulilolitaja mwenyewe linabaki kuwa taarifa. Pengo atakaloligundua yeye linakuwa uzembe.

## Hatua ya 7: Akilaumu bado, ipasue lawama vipande

Itatokea, hata ukifuata yote. Anaitazama ripoti, anaisukuma pembeni: "Hapana, hii siyo niliyotaka."

Usitoe simu kumwonyesha ujumbe wa Jumatatu. Najua inavyouma, hasa ukiwa na haki na ushahidi uko mfukoni. Lakini kumthibitishia bosi kosa lake akiwa amekasirika, au mbele ya wenzako, kunahamisha mazungumzo kutoka kwenye ripoti hadi kwenye heshima yake, na hapo huwezi kushinda hata ukiwa sahihi. Ujumbe una siku yake, nitaieleza kwenye hatua ya nane.

Badala yake fanya mambo matatu kwa mfuatano.

Kwanza, omba mahali pamoja. "Ni sehemu gani hasa imekukwaza zaidi?" Lawama ya jumla haitengenezeki. Lawama yenye ukurasa na mstari inatengenezeka. Akisema "yote", weka kidole kwenye aya ya kwanza: "Tuanze na hapa. Muda wa kusubiri ubaki mwanzoni?" Mara nyingi sauti inashuka, kwa sababu sasa anasoma.

Pili, uliza kinachobaki. "Jedwali liendelee kuwa hivi?" Watu husahau swali hili, kisha wanatupa ripoti nzima na kuanza upya wakati tatizo lilikuwa aya moja.

Tatu, rudia kwa maneno yako na upime: "Kwa hiyo nifupishe aya ya pili iwe sentensi mbili, na ombi la watu wawili lipande juu kabisa. Nikifanya hayo mawili, itakuwa tayari kwa kesho?" Subiri aseme ndiyo. Ndiyo hiyo ina thamani, kwa sababu sasa kuna kipimo ambacho ametamka mwenyewe.

Ukitoka, andika lawama kwenye daftari na uitafutie fungu lake kama ulivyofanya hatua ya kwanza. Jiulize pia, kwa haki, kosa lilikuwa la nani. Kama aliomba kitu na hukukiweka, ni lako, na unalirekebisha bila maelezo mengi. Kama agizo lilikuwa na shimo ambalo kiunzi hakikulionyesha, kiunzi kijacho kiwe na sehemu hiyo. Kama aliidhinisha jambo Jumatatu na kulikataa Jumatano, liandike tu na tarehe zake mbili. Moja halisemi kitu, lakini matatu yanasema.

Umefanikiwa ukiondoka na orodha ya marekebisho isiyozidi matatu, yote yakiwa yanafanyika leo.

## Hatua ya 8: Zungumza naye kuhusu utaratibu, siku isiyo na kazi mezani

Baada ya kazi mbili au tatu kupita kwa njia hii, omba dakika kumi. Chagua siku ambayo kazi imepokelewa vizuri, si siku ya karipio.

Usizungumzie tabia yake. Zungumzia muda uliopotea, na lete ombi moja tu:

"Bosi, ripoti ya malalamiko tuliirudia mara mbili, na ile ya mwezi uliopita mara tatu. Niliona kwamba zile ulizoona mpangilio wake mapema zilipita haraka. Naomba kwa kila kazi ya zaidi ya siku moja uniangalizie mpangilio kwa dakika tano siku ya kwanza. Nitakuletea mwenyewe."

Hapa ndipo ujumbe wa zamani unapofaa, kama akiuliza "lini tuliirudia?" Unaufungua kwa utulivu ili mwone wote wawili mahali kazi ilipopinda.

Ombi liwe dogo kiasi kwamba kulikataa kungekuwa kugumu kuliko kulikubali. Ukimletea fomu ya kurasa mbili ya kujaza kila anapoagiza, atakubali siku hiyo na hataijaza hata mara moja.

Dalili kwamba limeshika: siku moja atakuagiza kazi na kumalizia mwenyewe, "kisha uniletee mpangilio kwanza."

## Mahali ambapo hatua hizi hazifanyi kazi

Njia hii inafaa kwa bosi mwenye haraka, bosi anayefikiri akiona, na bosi asiyejua kueleza. Hao ni wengi. Lakini kuna hali mbili ambapo ukungu wa agizo haumalizwi kwa kuuliza vizuri.

Ya kwanza ni bosi anayeidhinisha faraghani na kukana hadharani. Mtazame kwa makini: je, hubadilika hata mkiwa wawili, au hubadilika tu mbele ya wakubwa wake? Je, lawama hizi huwapata wote au wewe peke yako, kwa kazi inayolingana? Ukiona matatu ya aina hiyo kwenye daftari, yenye tarehe na ujumbe wake, sasa ni suala la kupeleka kwa idara ya rasilimali watu au kwa mkubwa wake, kwa utaratibu wa mahali pako pa kazi. Peleka matukio na tarehe, acha maneno kama "ananichukia". Na jua kwamba hatua hiyo ina gharama. Fikiria kwanza kama kuna idara nyingine unayoweza kuhamia kimyakimya.

Ya pili ni agizo lililofichwa makusudi: "Hizo takwimu ziweke vizuri", "Wewe malizana nao, usiniambie umefanyaje", "Tarehe ya hiyo hati ifanye ikae sawa." Hapa ukungu ndiyo kinga yake, ili jambo likifumuka lionekane ni lako. Usikisie, na usimletee kiunzi. Mrudishie kwa maandishi kile tu unachoweza kukitia saini: "Bosi, nimezipitia takwimu za mwezi huu na ndizo hizi kama zilivyo kwenye mfumo. Kama kuna iliyoingizwa kimakosa, naomba unionyeshe ipi na hati yake." Akitaka kitu halali, ataitaja. Akikasirika na kukataa kuandika chochote, takwimu zibaki zilivyo, na nakala ya ujumbe wako ihifadhi.